Nimekuja Kukuuza

Winfrida Komba hakujua kupiga hodi kama watu wengine. Sauti yake ilitangulia, mwenyewe akafuata. Siku hiyo ilianzia kule kwa wauza dagaa, ikapita maduka ya nguo, ikafika kibarazani kwa Zuleha, pale sokoni Nachingwea, wakati Zuleha kainamia cherehani anahangaika na gauni la harusi la binti wa watu.

"Yuko wapi mateka wangu? Nimekuja kukuuza!"

Soko zima likageuka. Zuleha alitoa mguu kwenye pedali, akavua miwani, akacheka kabla hata hajamwona. Hakuna mtu mwingine ambaye angethubutu kumwita mateka mbele ya wateja. Winfrida ni Mngoni, mtoto wa Songea aliyeolewa Ruangwa, na Zuleha ni Mmwera. Babu zao walikimbizana kwa mikuki, na wajukuu ndio hao wamebakiwa na utani. Mtani atakutukana ucheke. Atachukua kanga yako kambani na usimdai. Sharti ni moja tu, kwamba ukirushiwa neno urudishe. Mtani akinuna ameshindwa, na akinyamaza, basi ujue kuna jambo.

"Uniuze wapi, na nyie mlitoka kwenu kwa njaa mmevaa ngozi?" Zuleha alirudisha. "Mmwera hanunuliki kwa pesa za Mngoni. Kalime kwanza."

"Nimeshapata bei, mama. Safari hii unakwenda kwa bei nzuri."

Wanawake wa sokoni walishika mbavu. Zuleha alimwachia kigoda, akatuma chai iletwe. Hawakuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Walijuana zamani, walipokuwa wote wakinunua ufuta vijijini Mandawa na kuulangua, kila mmoja na gunia lake. Baadaye Zuleha akarudi kwenye cherehani, Winfrida akabaki kuhangaika na kila biashara iliyopita. Hawakuwa wameonana misimu miwili. Sasa Winfrida alikuwa na kitenge kipya, simu kubwa, na pakiti ya rangi ya dhahabu aliyoitoa kwenye mkoba taratibu, kama anayetoa mtoto mchanga.

"Unga wa lishe," alisema. "Neema Tele. Lakini wewe usiangalie unga. Angalia fursa."

Alieleza kwa haraka. Unalipa kiingilio, unapewa pakiti zako, halafu unaingiza watu. Kila mtu unayemwingiza, unapata chako. Naye akiingiza wake, bado unapata chako. Alifungua simu akamwonyesha salio lake, na Zuleha alilazimika kuvaa miwani tena. Zilikuwa pesa za mtu aliyevuna korosho ekari nyingi, na Winfrida hakuwa na mkorosho hata mmoja.

"Njoo Ruangwa Jumamosi, kuna mkutano ukumbini. Usikie mwenyewe kwa masikio yako ya Kimwera."

Kabla ya kuondoka alimtia Zuleha ile pakiti mikononi. "Shika, mateka, nikupige picha upendeze." Zuleha alishika, akainua kidevu, akatabasamu. Picha ikapigwa. Winfrida akaaga, lakini hakwenda stendi moja kwa moja. Alizunguka sokoni, kwa muuza nyanya, kwa muuza vitenge, kwa yule wa mihogo, akicheka na kila mmoja na kuchukua namba za simu. Zuleha hakuona ajabu. Winfrida alikuwa hivyo siku zote.

Hao aliozunguka kwao wote walikuwa wanawake wa Zuleha, na hapa inabidi niwaambie kidogo. Zuleha alikuwa kijumbe. Ndiye aliyeshika mchezo wa wanawake wa soko lile. Kila Ijumaa kila mmoja anatoa kiasi kilekile, yeye anakusanya, na mmoja anakula fungu lote. Wiki inayofuata anakula mwingine, mpaka wote wamekula, mduara unafunga. Kijumbe halipwi. Kazi yake ni kuaminiwa tu. Tangu aanze kushika mchezo ule, hajawahi kumchelewesha mtu hata kwa siku moja, akiugua, akifiwa, mvua ikinyesha. Kwa jambo hilo Zuleha alikuwa na majivuno, na sioni kosa, maana wangapi wanaweza kusema hivyo?

Mzunguko huu aliyechomoa karatasi ya mwisho alikuwa Scholastika, mama Eva, mjane kutoka Mnero anayeuza mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amewaangalia wenzake wote wakila, na kila Ijumaa alitoa bila kukosa. Fungu lake lilikuwa la bati. Nyumba yake ya tofali ilikuwa imesimama kichwa wazi tangu kiangazi, mbao na fundi alishavitafutia pesa yake pembeni, zilibaki bati tu, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri. Jumapili baada ya misa ndiyo siku aliyoahidiwa.

Ijumaa Zuleha alikusanya. Jumamosi asubuhi alipofunga nyumba, lile fungu la Scholastika lilikuwa limefungwa kwenye pindo la kanga yake ya ndani.

Alijiambia analibeba kwa usalama, kwa sababu mume wake, Mbaruku, yuko shamba Kiegei akilinda korosho, na nyumba inabaki peke yake. Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo. Usiku mzima alikuwa amelala na lile salio la kwenye simu ya Winfrida. Alikuwa amewaza hivi: naingia kwa hela hii Jumamosi, naingiza wawili watatu, Jumapili kabla ya misa fungu limerudi na faida juu. Nani atajua?

Ukumbi wa Ruangwa ulikuwa umejaa. Watu wa mjini, wakulima waliopata malipo ya mnada wa kwanza wa korosho, walimu wawili watatu, na vijana wenye tai wakipita kati ya viti. Mlangoni kijana mmoja alisema kwa adabu, "Mama, tunazima simu. Heshima kwa fursa." Zuleha akazima kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. Winfrida alimpeleka viti vya mbele, akampiga picha nyingine akiwa amekaa, akapotelea nyuma.

Msemaji aliitwa Anuari. Kijana safi, suti imemkaa, Kiswahili cha Dar es Salaam. Alianza kwa kuwauliza nani kachoka kuwa maskini, na mikono yote ikapanda, wa Zuleha ukiwa mmojawapo. Akaonyesha cheti cha usajili wa kampuni, watu wakapiga makofi. Akachora duara ubaoni. Huyu ni wewe. Chini yako wawili. Chini ya hao wanne. Chini ya hao wanane. Mpaka ubao ukajaa. "Unalala," alisema, "pesa inatembea." Ukifikisha watu wa kutosha unakuwa Shaba, halafu Fedha, halafu Dhahabu. Leo kiingilio ni kile kile cha zamani, lakini saa sita mchana bei inapanda maradufu, na yeye hana uwezo wa kuizuia.

"Mtarudi nyumbani," aliendelea, "mtawakuta wenye wivu. Watawaambia huu ni upatu. Ninyi mama zangu si mnacheza upatu kila wiki? Kuna aliyefungwa?"

Ukumbi ulicheka. Zuleha naye alicheka, tena kwa sauti, kwa sababu hapo kijana alikuwa ameingia chumbani kwake. Upatu ndio mchezo. Alikuwa akiushika yeye mwenyewe, na aliujua kuliko kijana yule anavyojua tai yake. Na kwa kuwa aliujua, swali likamtoka kabla hajafikiri, swali ambalo kila kijumbe huulizwa siku ya kuchomoa karatasi.

"Mwanangu, samahani. Wa mwisho anakula lini?"

Anuari alifurahi kabisa kuulizwa. "Swali zuri sana! Mama, huku hakuna wa mwisho. Mlango haufungwi! Watu wanaingia milele!"

Makofi. Hata jirani yake wa kushoto alisimama kupiga makofi. Jirani huyo alikuwa mzee Obadia, mkulima wa Mandawa, ambaye dakika chache kabla alikuwa ameitwa mbele kutoa ushuhuda kwamba amelipwa, kweli amelipwa, mkononi, akanunua mbuzi. Zuleha alipiga makofi mawili, la tatu halikutoka. Aliutazama ubao. Yule wa juu alikuwa analipwa na wawili. Wale wawili na wanne. Macho yake yakashuka mpaka mstari wa chini kabisa, ambao ndio mrefu kuliko yote, na chini yake hapakuwa na kitu, palikuwa ukuta. Katika mchezo wake wa mwisho anakula kwa sababu mlango umefungwa: waliokwisha kula wanaendelea kumtolea yeye, na anawajua mmoja mmoja kwa majina. Mlango usipofungwa, nani anamtolea wa mwisho?

Alimsubiri jirani yake akae.

"Mzee wangu," alimnong'oneza Obadia, "huu unga unamuuzia nani?"

"Unga?" Obadia alicheka kwa upole. "Nani anunue unga kwa bei hii, mama? Umejaa uvunguni. Mwingine nawapa kuku. Sisi tunaingiza watu. Ile ya mbuzi niliipata siku niliyowaingiza shemeji zangu."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, bila hata kusita. Zuleha alimtazama mzee huyu wa watu na akaona huruma imemkaba. Mbuzi alikuwa amenunuliwa kwa hela ya shemeji, na Obadia alidhani kampuni ndiyo iliyompa.

Hapo ndipo alipomkumbuka Nurdini, mdogo wa mume wake. Mwanzoni mwa mwaka Nurdini alikuja kumwomba washirikiane kununua mashine ya kukamua mafuta ya ufuta, waiweke Mandawa. Zuleha alimsikiliza huku akipiga mwayo. Nurdini alimtajia wapishi na wenye migahawa watakaonunua mafuta, akamtajia vifaa vinavyoharibika haraka, akasema mwaka wa kwanza wanaweza wasipate kitu, na akamwomba sana asimwambie mtu mwingine, maana washirika wakiwa wengi kila mmoja anapata kidogo. Biashara gani hiyo, Zuleha alijisemea wakati ule, mtu anakuita huku anakutisha? Sasa, ndani ya ukumbi huu wa makofi, aliona tofauti mpaka aibu ikamshika. Nurdini alimtaka yeye na kazi yake, na faida yake ingetoka kwa mtu mwenye shida ya mafuta. Hawa hawakumtaka yeye wala hawakuutaka unga. Walitaka watu anaoweza kuwaleta.

Walipotoka kupumzika, robo saa kabla ya bei kupanda, Winfrida alimvamia mlangoni. "Haya, mateka, meza ya kujiandikisha ile pale. Kiingilio umekuja nacho?"

Zuleha alishika pindo lake la kanga. Kisha, badala ya kwenda mezani, akafanya jambo ambalo mtani ana haki nalo. Aliipora simu ya Winfrida mkononi.

"Nimeteka!" alipiga kelele, watu wakageuka wakicheka. "Mngoni katekwa na Mmwera leo! Simu siitoi mpaka nikombolewe. Nataka soda. Soda moja tu ya baridi pale kwa yule mama, na ilipwe kwa yale mamilioni ya humu ndani, si kwa hela nyingine."

"Wee, nipe simu yangu."

"Soda kwanza, tajiri."

Winfrida alicheka, lakini kicheko kilikuwa kimechanika. Alimvuta Zuleha pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. "Hazitoki hivyo," alisema chini chini. "Ni mpaka nifikishe watu ishirini ndio dirisha la kutolea hela linafunguka."

"Ishirini? Si ulisema mwanzo kumi?"

"Ilikuwa kumi. Wamebadilisha."

"Kwa hiyo mamilioni yote haya hayanunui soda."

"Bado."

"Na nauli ya kuja kwangu Nachingwea?"

"Nilikopa."

Kile kitenge kipya, ile simu, yale madaha yote ya sokoni, kumbe mwanamke huyu hakuwa na nauli. Na yeye alikuwa amefika hapa na bati za mjane kiunoni, amebakiza hatua chache tu kufikia ile meza. Angezitoa. Laiti yule kijana angejibu swali kwa uongo mzuri zaidi kidogo, angezitoa! Aliliogopa jambo ambalo hata hakulifanya.

Halafu hofu ikageuka kuwa hasira, na hasira ikatafuta njia yake ya siku zote.

"Haya sema, mtani," alisema, akimrudishia simu. "Ulikuja kuniuza. Umeniuza bei gani?"

Alisubiri jibu. Kulikuwa na majibu mia, hata mtoto wa Kingoni angeyajua: kwamba Mmwera hata bure hana mnunuzi, kwamba ametolewa kama chenji. Winfrida alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama chini, kwenye kandambili zake ambazo moja ilikuwa imeshonwa kwa waya, na hakusema neno.

Mtani akanyamaza. Zuleha hakuwahi kuona jambo hilo tangu azaliwe, hata msibani watani husema. Alidhani ni aibu ya kushikwa. Aliona ameshinda, akamwacha amesimama pale pale, akaenda stendi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa mtu mwenye furaha. Nasema ukweli, na simcheki, kwani nani asingefurahi? Aliligusa pindo lake kila gari liliporuka shimo. Alipanga atakavyowasimulia wenzake: ubao uliojaa, kuku wanaokula lishe ya dhahabu, soda isiyonunulika. Angewaonya wote kabla mtani hajawafikia. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakukumbuka hata kuwasha simu.

Alifika sokoni alasiri, wafanyabiashara wakianza kufunika bidhaa. Wa kwanza kumwona alikuwa Scholastika. Aliacha sufuria lake la mihogo, akaja mbio, akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

"Kijumbe wetu! Mungu akubariki, dada Zuleha. Tumewahi!"

"Mmewahi nini?"

"Bei! Tumewahi kabla ya saa sita! Wote tumetuma. Mama Sofia ndiye alichelewa kidogo, lakini Winfrida kasema imeingia."

Zuleha alisikia maneno yote. Yalikuwa ya Kiswahili, na aliyajua moja moja. Lakini yalikataa kuungana.

"Mmetuma nini, mama Eva? Kwa nani?"

Scholastika alianza kupunguza tabasamu. Alichukua simu ya binti yake Eva aliyekuwa anafunga magunia, akaifungua, akamwonyesha. Ilikuwa ile picha ya kibarazani: Zuleha, kidevu juu, pakiti ya dhahabu mikononi, anatabasamu kama bibi harusi. Eva akamsomea maneno ambayo Winfrida alikuwa ameandika chini yake: *Kijumbe wenu ameshaingia, anawasubiri.* Halafu picha ya leo, Zuleha viti vya mbele ukumbini. *Huyu hapa anajiandikisha daraja la juu. Anasema msichelewe, saa sita bei inapanda.*

"Mimi sikuingia," alisema Zuleha. Sauti yake ilitoka ndogo. "Mama Eva, mimi sijaingia. Sikuwahi kuingia."

"Nilikupigia," alisema Scholastika. "Nilikupigia nikuulize kwanza. Hukupatikana. Nikapiga tena. Winfrida akasema upo mbele, wamezima simu. Nikasema basi, kama dada Zuleha yumo…"

Hakumaliza. Wengine walikuwa wameanza kusogea: muuza nyanya, mama Sofia wa vitenge, mmoja mmoja, wakifuta mikono kwenye kanga. Walikuja na nyuso za furaha, na Zuleha aliona kila furaha ikizimika ilipomkaribia.

Aliwasha simu yake ndogo. Ilianza kulia papo hapo kwa ujumbe wa waliompigia, ikalia, ikalia, mpaka akatamani kuitupa. Alimpigia Winfrida. Bila miwani hakuona namba, Eva ndiye aliyembonyezea.

"Winfrida," alisema. Miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina lake tu, kavu namna hiyo. "Umeniuza."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za stendi. Kisha sauti ya Winfrida ikaja, haina mzaha hata chembe.

"Nilikwambia, Zuleha. Siku ile ile nilikwambia. Nilipaza sauti soko zima. Ukacheka."

"Rudisha hela za watu."

"Hazipo kwangu. Zilipitia kwangu zikaenda juu. Nilibakiza watu wachache tu dirisha lifunguke, nimefikisha, nimekwenda kuomba changu. Wamesema sasa ni arobaini." Alikuwa analia. "Nimemwingiza mama yangu mzazi humu. Ungefanyaje wewe?"

Simu ikakatika. Zuleha alibaki ameishika sikioni. Sasa ndipo alipouelewa ule ukimya wa ukumbini, wakati alipouliza bei. Winfrida alikuwa na jibu. Wakati ule ule hela zilikuwa zinaingia kwenye simu yake mkononi, na kilichouzwa kilikuwa jina la Zuleha. Kwa muda wote ule Zuleha alikuwa ameshika pindo la kanga akilinda pesa, na kumbe wezi hawakuwa na shida na pesa aliyofunga kiunoni.

"Twende polisi," alisema hatimaye. "Sasa hivi, kabla hawajahama pale ukumbini. Mimi nitakuwa wa kwanza kuandikisha maelezo. Eva, hizo picha usizifute."

Hakuna aliyesogea. Zuleha aligeuka upande, akafungua lile pindo la kanga, vifundo vikamkatalia, akavivuta kwa meno. Akamwekea Scholastika fungu lake mikononi, siku moja kabla ya siku yake.

"Hili lako. Lipo lote. Bati zako hizi."

Scholastika aliziangalia pesa, hakuzifunga mahali. "Nilituma hela ya mbao," alisema taratibu. "Na ya fundi. Nilisema zitazaa kabla fundi hajaja. Bati bila mbao nitazilalia, dada?"

"Yule Winfrida, wallahi, nitamtafuta mpaka…"

"Mimi Winfrida simjui." Scholastika hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Nimemwona siku moja tu anapita anacheka. Hela yangu ningempa Winfrida kwa lipi? Nilikupa wewe."

Zuleha alitamani ardhi ipasuke. Aliwatazama wanawake wake, aliowashikia mafungu yao kwa mvua na jua, na kwa mara ya kwanza hakuona hata mmoja aliyemwangalia kama kijumbe. Walimwangalia kama mtu ambaye waliwahi kusikia tu habari zake.

"Sawa," alisema. "Mlinipa mimi. Ijumaa tunaanza mzunguko mwingine. Natoa kama kila mtu, na nikilipwa kazi za cherehani naongeza juu ya kila fungu. Mama Eva anakula wa kwanza, wiki hiyo hiyo, zitoke mbao. Halafu nyie wengine, mmoja mmoja, mpaka kila mtu amerudishiwa cha leo."

"Na wa mwisho?" aliuliza mama Sofia. Hakuwa anatania. "Safari hii wa mwisho nani?"

"Mimi."

Wingu la alasiri lilikuwa limefika juu ya soko, watu wa meza za pembeni wakivuta maturubai haraka haraka. Wanawake walitazamana. Scholastika alifunga zile pesa kwenye kanga yake, akajitwisha sufuria la mihogo kichwani, akashika njia ya kituo cha polisi bila kumngoja mtu. Wengine wakamfuata kimyakimya. Zuleha aliokota miwani yake chini, kioo kimoja kimepasuka, akaivaa hivyo hivyo, akawafuata nyuma.